Meseji za malipo zimefutika, muuzaji anakana awamu mbili: taarifa rasmi ya miamala inatosha kwa sheha?

#1 Muuza Pweza
Assalaam alaykum wanajukwaa. Nipo Mwanakwerekwe, kwetu Wete. Mwaka 2025 nilinunua pikipiki kwa jamaa yetu kule Wete kwa shilingi 2,400,000. Laki sita nilimpa mkononi mbele ya watu, hilo halina ubishi. Iliyobaki tukakubaliana awamu sita za laki tatu kila mwezi, Januari mpaka Juni, namtumia kwa simu. Nimemaliza. Sasa anasema amepokea awamu nne tu, ya Machi na ya Mei hazijui, na kadi ya pikipiki hatoi.
Meseji zote nilikuwa nazo, lakini simu iligoma kuwaka, fundi akaiwekea programu upya na kila kitu kikaondoka. Sheha ametwambia tuje na ushahidi. Je, mtandao ukiombwa unaweza kunirudishia zile meseji? Na wakinipa karatasi, ina nguvu gani mbele ya wazee?

#2 Fundi Michenzani
Waalaykum salaam. Usihangaike na mtandao. Kama simu yako ni ya Android na ulikuwa umeingia kwa akaunti ya Google, meseji zina nakala yake huko. Ifute tena simu, uingie kwa akaunti ileile, zitarudi. Na zikikosekana zipo programu za kufufua vilivyofutwa.

#3 Dada wa Kiembesamaki
#2 umesema nusu. Nakala ya Google inarudi pale simu inapoanzishwa upya, tena kama uhifadhi ulikuwa umewashwa kabla ya kufutwa. Kama haukuwashwa, hakuna cha kurudi. Sasa ukimwambia aifute tena simu bila kujua kama nakala ipo, atapoteza na alichokwisha kuanza kukusanya. Aingie kwanza kwenye mipangilio ya akaunti ya Google, sehemu ya nakala, aone kama simu ya zamani imeorodheshwa na tarehe yake. Hizo programu za kufufua kwenye simu za sasa hazifui dafu, kwa sababu kumbukumbu ya ndani imefungwa kwa ufunguo, na simu ikifutwa ufunguo unaondoka nayo. Zinachopata ni kusoma meseji zako mpya.
Muuza Pweza, mie nimekaa dirisha la huduma kwa wateja la mtandao mmoja muda mrefu. Meseji hurudishiwi. Ile meseji ni taarifa tu kwamba muamala umefanyika. Muamala wenyewe umeandikwa kwenye mfumo wa pesa wa mtandao, na huo haujui kama wewe umefuta au hukufuta. Kwa hiyo usiende kuomba meseji, maana kijana wa dirishani atakujibu haiwezekani na atakuwa sahihi. Omba taarifa ya miamala ya akaunti yako, uwape tarehe ya kuanzia na ya kuishia.

#4 Mpwa wa Mkoani
Pole kaka. Mie nilituma elfu arubaini namba siyo, nikapiga 100 mara moja wakazizuia, jamaa alikuwa hajazitoa. Piga haraka, ukichelewa ndo basi.

#5 Kijana wa Chake
#4 soma uzi yakhe, hela zimetumwa mwaka jana kwa mtu anayemjua, ye ndo anakana 😂
Muuza Pweza, umechelewa. Miezi sita ikipita wanafuta. Mie nimeangalia kwenye programu ya simu, miamala ya zamani haionekani kabisa.

#6 Dada wa Kiembesamaki
#5 hapana. Programu inaonyesha kipindi kifupi, na menyu ya nyota inaonyesha kifupi zaidi. Ukipiga *150*00# ya M-Pesa, *150*01# ya Mixx by Yas au *150*60# ya Airtel Money ukachagua taarifa fupi, unapata miamala michache ya mwisho tu. Hiyo ni mipaka ya dirisha unalochungulia. Kumbukumbu zenyewe sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha inawalazimisha kuzitunza kwa miaka. Za mwaka jana zipo, ila utazipata dukani kwao, na pengine wakuambie usubiri.

#7 Muuza Pweza
Ahsante dada. Nikienda dukani nibebe nini?

#8 Dada wa Kiembesamaki
Laini yenyewe iwe ndani ya simu na simu iwe na chaji, namba yako ya NIDA, na kidole chako. Laini lazima iwe imesajiliwa kwa jina lako. Hapo ndipo watu wengi wa huku wanapokwama, maana laini aliisajili kaka au mjomba miaka ile, yeye anaitumia tu. Mwenye jina ndiye mwenye akaunti, na yeye ndiye atakayepewa.
Ukifika sema hivi: nataka taarifa kamili ya miamala kuanzia tarehe 1 Januari 2025 mpaka 30 Juni 2025, yenye namba ya muamala, namba na jina la upande wa pili, na salio baada ya kila muamala. Usiseme "nataka kuona kama nilimtumia fulani", watakutolea mistari miwili ukose picha nzima. Wengine watakutumia faili ya PDF kwa barua pepe, yenye neno la kuifungulia. Kwa sheha na mahakama omba iliyochapishwa, igongwe muhuri na isainiwe, kila ukurasa, si wa kwanza peke yake. Kabla hujaondoka angalia juu jina lako na namba yako viko sawa. Ada uliza palepale, mitandao haifanani.
Na namba ya siri, kama mfumo unaiomba, unabonyeza mwenyewe kwenye simu yako. Hakuna mfanyakazi anayetakiwa kuisikia.

#9 Kijana wa Chake
Kuna jamaa kwenye kundi letu anasema anatoa taarifa za namba yoyote, hata ya mtu mwingine, elfu kumi na tano tu. Si achukue ya huyo muuzaji amalize kazi?

#10 Karani wa Vuga
Asithubutu. Ama ni tapeli atakayechukua elfu kumi na tano na namba ya siri, ama ni mtu anayeiba taarifa za wateja, na karatasi hiyo ukiipeleka mbele ya hakimu swali la kwanza utakaloulizwa ni umeipataje. Taarifa ya akaunti ya mtu mwingine hutoka kwake mwenyewe, au kwa polisi na mahakama kufuata utaratibu. Muuza Pweza ana haki ya taarifa ya kwake, na aanzie hapo.

#11 Muuza Pweza
Nimeipata. Kurasa nyingi, zimegongwa muhuri. Januari, Februari, Aprili na Juni zipo, laki tatu tatu, jina lake limetoka sawasawa. Machi haimo kabisa. Mei nayo siioni. Nakumbuka vizuri ya Mei nilituma Alhamisi usiku tarehe 8, nilikuwa nimetoka kwenye harusi. Tarehe 8 hakuna kitu isipokuwa vocha. Muuzaji nimemwambia matokeo, anacheka. Hii taarifa inaweza kuwa na makosa?

#12 Fundi Michenzani
Nilisema mie. Mifumo yao inaruka miamala.

#13 Wakala wa Darajani
Subiri kwanza #12. Muuza Pweza, angalia tarehe 9 Mei mwanzo kabisa. Mfumo unahesabu saa kwa mtindo wa saa 24 na siku inageuka saa 6 ya usiku. Wewe umetoka harusini, kwako bado ni Alhamisi usiku. Wapo na wanaokwenda kinyume, kwa wazee wetu jua likishazama Alhamisi huo ni usiku wa Ijumaa. Kwa hiyo ukitafuta muamala wa usiku, tazama siku moja nyuma na siku moja mbele.

#14 Muuza Pweza
Wallahi ipo!

```
2025-05-09 00:18:42  Kutuma  -300,000.00  Imekamilika
```

Jina lake na namba yake ileile. Allah akulipe kheri.

#15 Kijana wa Chake
Wakala chukua nyota zako 😂 Fundi, mfumo haukuruka, ni harusi iliyoruka saa sita.

#16 Karani wa Vuga
Vizuri. Hiyo nakili namba yake ya muamala pembeni, upige mstari kwa kalamu kwenye nakala, ya asili usiichore. Na neno "Imekamilika" ndilo la muhimu. Muamala unaweza kuonekana kwenye orodha lakini ukawa umeshindikana au umerejeshwa.

#17 Bint Tumbe
Samahani naingilia. Marehemu mume wangu alikuwa akilipwa hela za mwani kwa simu na pia anadai watu. Laini ninayo, meseji baadhi nilifuta kwa huzuni bila kufikiri. Mie naweza kupewa taarifa yake?

#18 Dada wa Kiembesamaki
Pole sana bi. Dirishani watakukatalia, usikasirike nao, laini ni ya jina lake. Na usiendelee kutumia namba yake ya siri hata kama unaijua, warithi wengine wanaweza kuja kuuliza. Karani atakuelekeza vizuri kuliko mie.

#19 Muuza Pweza
Pole dada yangu, Allah amrehemu.
Turudi Machi. Nimepekua mwezi mzima, siku moja nyuma, siku moja mbele. Haimo. Ilikuwa Ramadhani, nadhani Jumatatu ya tarehe 17, baada ya futari, Darajani watu wamejaa. Nina hakika nililipa.

#20 Mpwa wa Mkoani
Una laini ngapi? Mie ninazo mbili na kila nikisahau ipi nimetumia. Labda ulitumia ile nyengine. Toa taarifa na ya laini hiyo.

#21 Fundi Michenzani
Au alituma ikarejeshwa. Muuzaji akaona haikufika, na mfumo ukaifuta kwenye orodha.

#22 Wakala wa Darajani
#21 ikirejeshwa haifutwi. Unaona mistari miwili, mmoja wa kutoka na mmoja wa kurudi, na salio linarudi lilipokuwa. Ndiyo maana Dada alisema uombe safu ya salio. Ukiona salio la mstari wa chini halikubaliani na la juu yake ukijumlisha na kutoa, hapo ndipo useme kuna mstari umekosekana. Muuza Pweza, hesabu za Machi zinafuatana?

#23 Muuza Pweza
Nimekaa na kalamu. Zinafuatana mpaka senti. Laini ya pili nimeiuliza kwa menyu, haikuwahi kusajiliwa huduma ya pesa.

#24 Wakala wa Darajani
Basi pesa haikutoka kwenye akaunti yako. Sasa nijibu mambo mawili. Miezi mingine, kabla ya kutuma ile laki tatu, kuna mstari wa kuweka pesa kwa wakala? Na ile meseji ya Machi uliiona kwenye simu yako, au ulionyeshwa kwenye simu ya wakala?

#25 Muuza Pweza
Umenishtua. Kila mwezi upo. Naweka laki tatu na kidogo za makato, kisha natuma. Machi hakuna kuweka wala kutuma. Na meseji, naiona picha ya kijana wa kibandani ananigeuzia simu ndogo ya batani naisoma. Sikumbuki kuisoma kwenye yangu.

#26 Wakala wa Darajani
Basi mie nadhani hivi. Ulikuwa na taslimu, haraka, ukampa kijana pesa na namba ya muuzaji, akaziweka moja kwa moja kwenye akaunti ya muuzaji kama vile muuzaji mwenyewe amekuja kuweka. Watu wanapenda hivyo kukwepa makato ya kutuma. Mitandao haitaki, maana mwenye akaunti anatakiwa awepo, lakini vibandani inafanyika kila siku. Ukifanya hivyo wewe kwenye mfumo hupo. Muamala una pande mbili tu, wakala na muuzaji. Kwenye taarifa yako hautaonekana hata ukaombe ya miaka kumi. Kwenye taarifa ya muuzaji utasomeka "kuweka", na jina la wakala, si lako. Ndiyo maana pengine na yeye anasema kwa kiapo kwamba wewe hukumtumia, anatafuta jina lako halioni.

#27 Mpwa wa Mkoani
Mie bado nasema laini ya pili. Au alitumia simu ya mtu.

#28 Dada wa Kiembesamaki
Simu ya mtu inawezekana pia, tusilifunge hilo. Lakini hoja ya Wakala inaweza kupimwa. Muuza Pweza, ile mistari ya kuweka ya miezi mingine ina namba na jina la wakala. Kama ni kibanda kilekile unachokwenda kila mwezi, unaye wa kumuuliza. Yeye kwenye taarifa ya laini yake ya uwakala anaweza kutafuta tarehe 17 Machi kwa namba ya muuzaji. Tena wanatakiwa kuwa na daftari, wanaandika tarehe, namba, kiasi, na mteja anasaini. Kama ulisaini wewe kwenye mstari wenye namba ya muuzaji, hilo daftari kwa sheha lina uzito kuliko tunavyobishana hapa.

#29 Kijana wa Chake
Daftari la mwaka jana? Vibandani vyetu linafungiwa urojo likiisha 😅

#30 Wakala wa Darajani
Mengine ndiyo. Langu lipo tokea nianze kazi, nimelifunga kwa mpira kabatini, maana polisi huja kuuliza.

#31 Karani wa Vuga
Bint Tumbe, sijakusahau. Kwa Waislamu wa Zanzibar mirathi hupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au Mahkama ya Kadhi. Anza na cheti cha kifo na barua ya sheha wako, ufungue mirathi, apatikane msimamizi anayetambuliwa. Huyo msimamizi ndiye atakayekwenda kwenye mtandao na karatasi zake, kuomba mambo mawili, salio lililobaki na taarifa ya miamala. Taarifa iombwe ya kipindi kirefu kabla ya kifo, kwa sababu madeni anayodai na anayodaiwa yatatokea humo. Hizo meseji ulizofuta zisikuumize, hazikubeba kitu ambacho taarifa haina, isipokuwa kama kuna waliomwandikia kwa maneno yao "nitakulipa". Hayo ndiyo yasiyorudi.

#32 Bint Tumbe
Ahsante sana kaka. Wapo waliomwandikia hivyo, na hizo sikuzifuta.

#33 Karani wa Vuga
Basi simu hiyo usimpe fundi yeyote. Zipige picha kwa simu nyengine, namba ya mtumaji na tarehe zionekane, na yenyewe uiweke kama ilivyo.

#34 Muuza Pweza
Nimerudi Darajani. Kijana wa zamani hayupo, lakini mwenye kibanda ni yuleyule. Daftari la Machi hana. Ametafuta kwenye taarifa ya laini yake, ameniruhusu niangalie kwa macho. Tarehe 17 Machi saa 2 na nusu usiku, kuweka 300,000, namba ya muuzaji wangu. Ipo. Nikaomba anichapishie, akakataa, anaogopa mtandao utamhoji kwa nini aliweka pesa kwa mtu ambaye hakuwepo. Amesema akiitwa na sheha atakuja kusema kwa mdomo.

#35 Wakala wa Darajani
Anaogopa kweli, wanaweza kumfungia laini. Usimlazimishe. Mwambie sheha amtake muuzaji alete taarifa yake mwenyewe ya siku hiyohiyo, ni ukurasa mmoja. Akikataa kuleta, wazee wataona wenyewe.

#36 Muuza Pweza
Nimempigia muuzaji nikamtajia tarehe na saa. Hakukana tena. Sasa anasema Mei amekubali, na hiyo ya Machi kweli aliiona imeingia, lakini aliihesabu kuwa ni deni la karafuu ambalo marehemu baba alikuwa hajammalizia. Deni hilo mie silijui, na mama halijui.

#37 Kijana wa Chake
Kutoka "sijapokea" mpaka "nimepokea ila ya kitu chengine". Safari ndefu.

#38 Dada wa Kiembesamaki
Hapo ndipo taarifa inapoishia. Inasema pesa imetoka wapi, imefika wapi, saa ngapi. Ilikuwa ya nini haisemi, labda kama uliandika maelezo wakati wa kutuma, na kwa kuweka kwa wakala hakuna pa kuandika.

#39 Karani wa Vuga
Lakini kesi imebadilika sura. Mwanzo Muuza Pweza ndiye aliyetakiwa athibitishe amelipa. Sasa muuzaji amekiri kupokea, na anayedai kwamba lipo deni jengine ndiye atakayetakiwa alithibitishe. Muuza Pweza, hayo maneno aliyokwambia kwa simu, mwandikie leo kwa meseji: "Umekubali umepokea laki tatu ya tarehe 17 Machi, unasema ni ya deni la karafuu la marehemu baba, ni kiasi gani na nani shahidi?" Akijibu, usifute.

#40 Mpwa wa Mkoani
Mie sikubaliani na Karani, kwa desturi zetu deni la marehemu mtoto hulibeba. Wazee wanaweza kumpa haki muuzaji.

#41 Karani wa Vuga
Deni la marehemu hutoka kwenye mali aliyoiacha kabla ya kugawiwa, na lazima lithibitike. Halikatwi kimyakimya kwenye pikipiki ya mtoto.

#42 Muuza Pweza
Nimemwandikia. Ameisoma, hajajibu. Kwa sheha ni Jumamosi baada ya Alasiri, mwenye kibanda amesema atapanda boti la asubuhi nikimlipia nauli.

#43 Bint Tumbe
Dada wa Kiembesamaki, swali moja jengine. Laini ya marehemu nisipoitia vocha kwa muda mrefu, si wataifunga wampe mtu mwengine namba? Na hela zilizomo je?

#44 Dada wa Kiembesamaki
Namba inaweza kufungwa ikikaa bila kutumika, kweli. Kwa hiyo usisubiri mirathi iishe. Nenda mapema dukani na cheti cha kifo, uwaarifu kwamba mwenye laini amefariki na mirathi inashughulikiwa, uombe waandike kwenye akaunti, na uwadai karatasi inayoonyesha umefika. Kwa Pemba unaweza kujaribu duka la Chake.

#45 Bint Tumbe
Chake ndiyo. Nitakwenda Jumatatu inshallah.